Anayeruhusu Uzito Afundishe Pumzi

Katika kliniki nyingi, mtu anayesema kwamba ananyanyua vyuma hupewa sentensi moja: "Toa pumzi unaponyanyua, usiibane kamwe." Sentensi hiyo hupewa kijana mwenye afya wa miaka 22 na mzee wa miaka 65 mwenye shinikizo la juu la damu, anayeshika kilo 10 na anayebeba kilo 150. Nia yake ni njema, na kwa wagonjwa fulani ni ushauri sahihi kabisa. Lakini inapotolewa kwa kila mtu huwa na kasoro mbili. Kwanza, humnyima mnyanyuaji mwenye afya kinga muhimu ya mgongo wake. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, ni agizo lisiloweza kutiiwa. Uzito ukivuka takriban asilimia 80 ya ule ambao mtu anaweza kuunyanyua mara moja tu, koo hufunga lenyewe na pumzi hubanwa bila mwenyewe kukusudia. Ndivyo inavyokuwa pia kwa uzito mdogo unaporudiwa mpaka nguvu kukaribia kwisha. Kuli anayejitwisha gunia la mahindi hafundishwi na mtu kubana pumzi; mwili wake hufanya hivyo kabla yeye hajafikiri.

Kwa hiyo mtaalamu wa afya ana njia mbili tu za kweli. Akitaka mgonjwa wake asibane pumzi, apunguze uzito na idadi ya marudio, maana kinywa hakitatii huku mzigo ukiamuru vingine. Na akiruhusu uzito mkubwa, afundishe namna ya kuibana pumzi hiyo, au ahakikishe kuna mtu wa kuifundisha. Njia ya tatu, ya kuruhusu mzigo na kukataza pumzi, ipo katika karatasi za ushauri tu.

Makala haya yanahusu mazoezi mawili ambayo hoja hii huonekana ndani yake waziwazi. La kwanza ni kuchuchumaa huku chuma kirefu chenye sahani za uzito kimelazwa mabegani, zoezi ambalo katika kumbi za mazoezi huitwa skwoti. La pili ni kukinyanyua chuma hicho kutoka sakafuni hadi mtu asimame wima, maarufu kama dedilifti. Katika yote mawili mgongo hubeba mzigo mkubwa kuliko sehemu nyingi za mwili, na katika yote mawili pumzi ni sehemu ya unyanyuaji wenyewe.

Dumu lililofungwa kifuniko

Kati ya mbavu na nyonga hakuna mifupa mingi ya kukishikilia kiwiliwili. Kuna safu moja tu ya pingili za uti wa mgongo, nayo iko nyuma. Sehemu nyingine yote ni viungo laini vilivyozungukwa na misuli. Juu ya viungo hivyo kuna kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga inayoshikilia kibofu, njia ya haja kubwa na, kwa mwanamke, mfuko wa uzazi. Mbele na ubavuni kuna misuli ya tumbo, na nyuma kuna misuli ya mgongo.

Mtu anapovuta hewa, kiwambo hushuka na kuvisukuma viungo vya tumbo. Kama misuli ya pande zote imelegea, tumbo hutuna tu. Kama misuli hiyo imekazwa, viungo havina pa kwenda, na shinikizo la ndani ya tumbo hupanda. Mfano wake ni dumu tupu la plastiki la lita 20. Likiwa halina kifuniko, mtu akilikalia hubonyea. Likifungwa kifuniko vizuri humstahimili, ingawa hakuna kilichoongezwa ndani yake ila hewa iliyokosa njia ya kutoka. Kubana pumzi ni kufunga kifuniko. Kukaza misuli ni kuzifanya kuta za dumu ziwe imara. Kimoja bila kingine hakifai kitu.

Wazo hili si geni katika tiba. D. L. Bartelink aliandika mwaka 1957 kwamba shinikizo la tumbo hupunguza mzigo unaozibana sahani laini zilizo kati ya pingili za kiuno. Tangu hapo wataalamu wamebishana kuhusu kiasi cha nafuu hiyo, kwa kuwa misuli inayokazwa ili kulijenga shinikizo nayo pia huzibana pingili. Lisilo na ubishi mkubwa ni kwamba kiwiliwili kilichojazwa na kukazwa huwa kigumu zaidi, na kiwiliwili kigumu hakipindi kwa urahisi chini ya mzigo. Kwa mnyanyuaji hilo ndilo jambo lenyewe: mgongo ulioanza safari ukiwa umenyooka uimalize ukiwa bado umenyooka.

Gharama yake

Katazo la kliniki halikuzuka hivi hivi. Kubana pumzi chini ya mzigo kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa na moyo na mishipa ya damu. Mwaka 1985 J. D. MacDougall na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walichapisha vipimo vya shinikizo la damu vilivyochukuliwa kwa mrija uliowekwa ndani ya ateri ya mkono, wakati wanamichezo watano wa kujenga misuli wakinyanyua uzito wa kiwango cha juu. Katika zoezi la kusukuma uzito kwa miguu yote miwili, wastani wa vilele vya shinikizo ulikuwa 320 kwa 250, na kwa mmoja wao lilivuka 480 kwa 350. Mhudumu wa afya aliyezoea kushtuka anapoona 180 kwa 110 ana haki ya kuzitazama namba hizo mara mbili.

Hata hivyo, namba hizo zisomwe pamoja na mambo mawili. La kwanza ni muda. Kilele hicho hudumu sekunde chache, na shinikizo hushuka upesi mara mzigo unapowekwa chini. La pili ni kwamba pumzi inapobanwa, shinikizo la ndani ya kifua hupanda pia, na hupitishwa mpaka kwenye majimaji yanayouzunguka ubongo. Kwa hiyo kuta za mishipa ya kifuani na kichwani husukumwa kutoka ndani na wakati huohuo hukandamizwa kutoka nje, na mvutano unaozipata huwa mdogo kuliko namba ya mkononi inavyodokeza. Huo ni utetezi kwa mtu mwenye mishipa mizima. Si ruhusa kwa mwenye mshipa uliokwisha kudhoofika.

Kuna gharama nyingine ambayo haiji wakati wa kunyanyua bali mara tu baada yake. Kifua kilichojaa shinikizo huzuia damu kurudi moyoni. Mtu akiendelea kubana pumzi kwa sekunde nyingi, moyo hupata damu kidogo ya kusukuma. Kisha anapoiachia ghafla, shinikizo la damu huporomoka kwa kitambo kabla ya kupanda tena. Ndiyo sababu baadhi ya wanyanyuaji huona giza au huanguka wakiwa wamesimama wima na chuma mikononi, zoezi likiwa limekwisha. Kilichowaangusha si uzito. Ni pumzi iliyobanwa muda mrefu kupita haja na kuachiwa kwa pupa.

Kutokana na hayo hupatikana kanuni moja inayotosha kuwaongoza wengi: pumzi moja kwa rudio moja. Hewa huvutwa upya kila mara chuma kinapofika mahali pa kupumzikia, na haibebwi kamwe kutoka rudio moja hadi jingine. Rudio la kawaida huchukua sekunde tatu hadi sita. Hakuna sababu ya pumzi kubanwa zaidi ya hapo.

Namna ya kuifanya

Katika kuchuchumaa, mnyanyuaji kwanza hukitoa chuma kwenye vishikizo, hurudi nyuma hatua mbili au tatu na kuituliza miguu. Wakati huo anapumua kama kawaida. Pumzi ya kazi huvutwa pale tu anapokuwa tayari kushuka. Hewa ielekezwe chini, ili kiuno kipanuke pande zote, yaani mbele, ubavuni na nyuma, bila mabega kupanda. Haihitajiki kuyajaza mapafu hadi tone la mwisho. Robo tatu ya pumzi kubwa hutosha, kwa sababu pumzi iliyojaa kupita kiasi huziinua mbavu na kuutengua mgongo kutoka mahali pake. Kisha koo hufungwa, na misuli ya kiuno hukazwa pande zote kama inavyokazwa na mtu anayejua kwamba anakaribia kupigwa ngumi ya tumbo. Hapo ndipo anaposhuka.

Pumzi hubaki imefungwa wakati wote wa kushuka na katika sehemu ngumu ya kupanda, ambayo kwa wengi iko juu kidogo ya pale mapaja yanapolingana na sakafu. Baada ya kuivuka sehemu hiyo, hewa inaweza kuachiwa kidogo kidogo kwa sauti ya "sss", kama kuachia upepo wa tairi kwa kidole. Kosa linaloonekana mara nyingi kwa waliofundishwa kutoa pumzi ni kuitoa yote chini kabisa, wanapoanza kupanda. Papo hapo kifua huinama, nyonga hutangulia kupanda, na mzigo huhamia kwenye mgongo wa chini.

Kunyanyua kutoka sakafuni kuna ugumu wake, kwa kuwa safari huanza chini, mahali ambapo mapaja yamelibana tumbo na nafasi ya kiwambo kushuka ni finyu. Wanaoanza hufanikiwa zaidi wakifuata mpangilio huu: kushika chuma, kuinua nyonga kidogo ili tumbo lipate nafasi, kuvuta hewa na kukaza, kushusha nyonga mahali pake, kukivuta chuma polepole hadi mikono inyooke bila ulegevu, ndipo kusukuma sakafu kwa miguu. Kuanzia hewa inapovutwa mpaka chuma kinapoachana na sakafu zisipite sekunde mbili. Anayejaza pumzi akiwa wima, akainama, akatafuta mshiko na kurekebisha miguu, huwa ametumia nusu ya pumzi yake kabla ya kazi kuanza. Juu, mnyanyuaji huachia hewa kidogo tu na kukirudisha chuma chini akiwa bado amekaza. Pumzi mpya huvutwa chuma kikiwa kimetulia sakafuni.

Kuna tofauti moja ambayo wahudumu wa afya, hasa wakunga, wanaweza kuieleza vizuri kuliko wakufunzi wa mazoezi: kukaza si kusukuma. Mama anayejifungua hubana pumzi na kusukuma kuelekea chini, huku sakafu ya nyonga ikilegea ili kumpisha mtoto. Mnyanyuaji anahitaji kinyume chake kwa upande wa chini: sakafu ya nyonga iinuke kidogo na kushika, kama mtu anayezuia mkojo, wakati kuta nyingine zinakazwa. Anayesukuma badala ya kukaza humwelekezea shinikizo adui asiyemwona. Dalili zake ni mkojo kuponyoka, hisia ya uzito au kitu kushuka ukeni, uvimbe unaojitokeza kinenani au kitovuni, na bawasiri zinazorudi kila baada ya mazoezi. Mengi ya hayo hayasemwi kliniki kwa sababu ya aibu, na hayasemwi kwenye ukumbi wa mazoezi kwa sababu hiyohiyo. Ni vyema mhudumu aulize.

Mazoezi ya pumzi yawekwe wapi katika programu?

Makosa ya kawaida ni mawili. Baadhi ya watu hufundishwa pumzi siku moja, wakiwa wamelala sakafuni, halafu hurudishwa kwenye uzito wao uleule wa zamani. Ujuzi hubaki sakafuni. Wengine huanza kuifikiria pumzi wanapofika kwenye seti nzito zaidi, wakati ambapo akili haina nafasi ya kujifunza chochote. Mahali pazuri pa kujifunzia pako katikati, kwenye seti za kupasha misuli moto. Seti hizo zipo tayari, uzito wake hauleti hatari kubwa, na kila rudio lililomo ni nafasi ya kufanya jambo lilelile kwa utaratibu uleule.

Chukua mfano wa mwalimu wa sekondari mwenye miaka 38, mama wa watoto wawili, ambaye kipimo chake cha shinikizo la damu ni 124 kwa 78. Anachuchumaa kilo 70 kwa marudio matano na kunyanyua kilo 90 kutoka sakafuni kwa idadi hiyohiyo, mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Katika rudio la nne na la tano la kunyanyua, mkojo humponyoka. Ushauri wa kawaida ungemtaka aache. Lakini akikohoa hauponyoki, hana hisia ya kitu kushuka, na daktari wa wanawake aliyemchunguza hakuona tatizo. Picha ya video iliyochukuliwa ubavuni mwake inaonyesha mabega yakipanda kila anapovuta hewa na tumbo likitunishwa mbele. Anasukuma, hakazi.

Katika wiki mbili za kwanza, kila kipindi huanza na dakika tano sakafuni. Hulala chali, magoti yakiwa yamekunjwa na vidole vikiwa ubavuni chini ya mbavu. Huvuta hewa kwa pua kwa sekunde tatu mpaka vidole visukumwe kuelekea nje, huinua sakafu ya nyonga kidogo, hukaza na kubana kwa sekunde tatu, kisha hutoa kwa sekunde nne. Hufanya hivyo mara tano, hupumzika, na kurudia mara tano. Baada ya hapo husimama na kuanza seti za kupasha misuli moto: kuchuchumaa na chuma kitupu cha kilo 20 mara tano, kilo 40 mara tano, na kunyanyua kutoka sakafuni kilo 50 mara tano. Seti za kazi ni tatu za marudio matano, kwa kilo 50 na kilo 60. Uzito umeshushwa makusudi, ili kila rudio lipate pumzi yake.

Katika wiki ya tatu na ya nne, zoezi la sakafuni huachwa. Kuchuchumaa hupanda hadi kilo 55, seti nne za marudio matatu, na kila mara hutulia chini kwa sekunde mbili akiwa amekaza. Kituo hicho ni mwalimu mkali: aliyelegeza pumzi huhisi kifua kikianguka mara moja, wakati uzito bado ni wa kumsamehe. Kunyanyua hupanda hadi kilo 70, seti nne za marudio matatu, chuma kikitulia sakafuni kabisa kabla ya pumzi mpya.

Katika wiki ya tano na ya sita, kituo huondolewa, nao uzito hupanda hadi kilo 60 na 65 kwa kuchuchumaa, kilo 75 na 80 kwa kunyanyua, bado kwa marudio matatu. Hapa programu huwa na sheria moja: mkojo ukiponyoka, au video ikionyesha mgongo ukipinda, seti huishia hapo, uzito hushushwa kwa asilimia 10 na wiki hiyo hurudiwa. Tuseme kwamba mwalimu huyu anafika kilo 80 na mkojo unamponyoka katika rudio la tatu. Jibu la haraka ni kuulaumu uzito. Lakini rudio la kwanza na la pili, kwa uzito uleule, yalipita salama. Video inaonyesha kwamba kabla ya rudio la tatu alivuta hewa kwa haraka, mabega yakipanda, na kukivuta chuma kabla hajakaza. Basi anashuka hadi kilo 72.5, na kati ya rudio na rudio anapumua kawaida mara mbili kabla ya pumzi ya kazi. Wiki inayofuata anairudia kilo 80 kwa utaratibu huo. Kilichokosekana kilikuwa sekunde nne za subira.

Katika wiki mbili za mwisho, anarudi kwenye kilo 70 na 90, kwanza kwa marudio matatu, na yakipita salama, kwa marudio matano. Anasimamisha seti akiwa bado na uwezo wa kuongeza marudio mawili, kwa sababu marudio ya kulazimisha ndiyo huvunja utaratibu wa pumzi. Kama anataka kutumia mkanda wa kiunoni, huu ndio wakati wake. Mkanda humpa mwenye ujuzi ukuta wa kusukumia pande zote. Kwa asiye na ujuzi humfundisha kutunisha tumbo mbele tu, yaani kosa lilelile aliloanza nalo. Hata baada ya hapo seti za kupasha misuli moto hufanywa bila mkanda.

Tangu wiki ya tatu, seti hizo za kupasha zinakuwa nne za kuchuchumaa na mbili za kunyanyua, jumla ya marudio kama 23 kwa kipindi. Ndani ya wiki sita zilizobaki, vipindi ni 12 na marudio ni 276, kabla hata ya kuhesabu seti za kazi. Hakuna kipindi kipya kilichoongezwa wala saa ya ziada iliyohitajika. Kilichobadilika ni kwamba chuma kitupu sasa hubebwa kwa pumzi ileile na uangalifu uleule wa kilo 90.

Wasiopaswa kuibana

Hoja hii ingekuwa ya hatari kama ingeishia hapo. Wapo ambao kwao mazoezi mazito yenyewe hayafai, pamoja na pumzi yake. Miongoni mwao ni mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa linalozidi 180 kwa 110 akiwa ametulia, mwenye uvimbe au mpasuko wa ateri kuu ya mwili, mwenye ugonjwa wa Marfan, mwenye mlango wa moyo uliosinyaa kiasi cha kumletea dalili, na mwenye kisukari ambaye retina zake zimeota mishipa mipya dhaifu. Aliyefanyiwa upasuaji wa jicho au wa ngiri hivi karibuni asubiri ruhusa ya aliyempasua. Na yeyote ambaye wakati wa kunyanyua alipata maumivu ya kichwa ya ghafla na makali kama radi, maumivu ya kifua, au doa jeusi machoni lisiloondoka, asimamishe zoezi na aende hospitali siku hiyohiyo, bila kujali pumzi yake ilikuwa nzuri kiasi gani.

Kati ya hao na watu wenye afya kamili kuna kundi kubwa linaloonekana kliniki kila siku: wenye shinikizo la damu lililodhibitiwa kwa dawa. Hawa wanahitaji nguvu za misuli, na kuwanyima mazoezi ni kuwadhulumu. Kwao ushauri wa kutoa pumzi wakati wa kunyanyua unafaa, mradi usitolewe peke yake. Uambatane na uzito ambao mtu anaweza kuurudia mara 10 hadi 15, na seti isimame akiwa bado na uwezo wa marudio matatu au manne. Kwa kiwango hicho koo halina haja ya kufunga, na agizo linatekelezeka. Kipimo ni rahisi: kama mgonjwa anaweza kuhesabu marudio yake kwa sauti ya kawaida, pumzi iko wazi. Sauti ikikatika na uso kukunjamana, uzito umekuwa mkubwa au marudio yamezidi, na ndivyo vya kupunguzwa.

Hivyo basi, karatasi ya ushauri inayosema "usibane pumzi" haijasema kitu mpaka iseme kilo ngapi na marudio mangapi. Mhudumu anayeijaza aulize kwanza uzito anaoubeba mtu huyu, kisha vipimo vyake na dalili zake, na mwisho aandike moja kati ya mawili: uzito ambao pumzi yake itabaki wazi, au jina la mtu atakayemfundisha kuibana. Naye mgonjwa anayepewa karatasi isiyo na mojawapo ya hayo ana haki ya kuuliza kabla hajainuka kitini.